Ginko kwa kumbukumbu na mlio masikioni: utafiti unasema nini

Vidonge vya ginko vinauzwa katika maduka mengi ya dawa na ya virutubishi, na mara nyingi muuzaji humwambia mteja kwamba vitamrudishia kumbukumbu au kuondoa mlio masikioni. Wanaovinunua wengi ni wazee, au watoto wao wanaotaka kuwasaidia wazazi. Kabla ya familia kutenga pesa za kila mwezi kwa ajili ya vidonge hivi, ni vyema ijue vilipojaribiwa matokeo yalikuwaje.

Ginko ni mti wenye asili ya Uchina. Dawa hutengenezwa kwa majani yake: hukaushwa, kisha viini vyake hukamuliwa na kukolezwa hadi ipatikane poda inayotiwa ndani ya vidonge. Poda hiyo ndiyo iliyotumika katika majaribio makubwa. Majani yaliyosagwa tu au chai ya majani hayo si kitu kimoja nayo, na mbegu mbichi za mti huo zina sumu inayoweza kuleta degedege.

Tuanze na masikio. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 1,121 wenye mlio masikioni, wa umri wa miaka 18 hadi 70. Nusu yao walipewa ginko miligramu 50 mara tatu kwa siku, kwa wiki 12. Nusu nyingine walipewa vidonge vinavyofanana navyo kwa sura lakini visivyo na dawa. Hakuna mshiriki aliyejua amepewa kipi.

Mwishoni waliulizwa kama mlio ulikuwa umepungua usumbufu. Kati ya watu 360 wa kundi la ginko ambao majibu yao yalilinganishwa, 34 walisema ndiyo. Kati ya watu 360 wa kundi la vidonge visivyo na dawa, 35 walisema ndiyo.

Hebu tuzitazame namba hizo kwa makini, kwa sababu zinaeleza jambo ambalo huwachanganya wengi. Watu 34 waliopata nafuu wangeweza kusimama mbele ya majirani na kusema kwa kweli kabisa, “Nilimeza ginko, nikapona.” Wasingekuwa wanadanganya. Lakini watu 35 ambao hawakumeza dawa yoyote nao walipata nafuu vilevile. Mlio masikioni huwa na siku za kupanda na siku za kushuka, na baada ya muda ubongo wa mtu huuzoea. Anayeanza dawa wakati mlio umepamba moto, halafu ukatulia, huipa dawa sifa isiyo yake. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu, hauwezi kuchukua nafasi ya kulinganisha makundi mawili. Chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2014, kinawataka madaktari wasipendekeze ginko kwa mlio masikioni.

Kwa upande wa kumbukumbu, jaribio kubwa zaidi lilifanyika Marekani kati ya 2000 na 2008. Lilihusisha watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi, ambao hawakuwa na dimensia, yaani ugonjwa unaoharibu kumbukumbu na akili kidogo kidogo. Walifuatiliwa kwa takriban miaka sita. Waliomeza ginko, miligramu 120 mara mbili kwa siku, walikuwa 1,545, na 277 kati yao walipata dimensia. Waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa 1,524, na 246 walipata dimensia. Hiyo ni takriban watu 18 kwa kila 100 upande mmoja na 16 kwa kila 100 upande wa pili, tofauti ndogo inayoweza kutokea kwa bahati tu. Uwezo wa kukumbuka nao ulipungua kwa kasi ileile katika makundi yote mawili. Jaribio la Ufaransa la watu zaidi ya 2,800, lililochapishwa 2012, nalo halikuonyesha kwamba ginko huzuia ugonjwa wa Alzaima.

Kuna jambo moja la kutajwa kwa haki. Kwa watu ambao tayari wana dimensia isiyo kali, baadhi ya majaribio yalionyesha nafuu ndogo, na Shirika la Dawa la Ulaya linakubali matumizi hayo kwa kipimo cha miligramu 240 kwa siku. Hata hivyo linasema dawa itumiwe kwa angalau wiki nane, na ikipita miezi mitatu bila nafuu daktari aamue kama kuna sababu ya kuendelea. Ginko haiponyi ugonjwa huo.

Kipimo hicho kina maana mfukoni. Chupa ya vidonge 60 vya miligramu 60 huonekana kama ya miezi miwili. Kwa miligramu 240, mgonjwa atameza vidonge vinne kila siku, na chupa itaisha baada ya siku 15. Kwa miezi mitatu ni chupa sita.

Yapo pia madhara. Ginko inaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu, hasa kwa anayetumia wafarini au aspirini. Anayetarajia upasuaji amjulishe daktari mapema ili aelezwe lini aache. Mwenye kifafa asiitumie bila ushauri wa daktari. Anayetumia dawa za HIV pia aulize kwanza, kwani kuna mgonjwa ambaye kiwango cha efavirenzi kilishuka katika damu yake alipokuwa akitumia ginko.

Hasara kubwa zaidi ni muda unaopotea huku chanzo kinachotibika kikiachwa. Mlio masikioni unaweza kusababishwa na nta iliyoziba sikio, kelele za mashine za posho mill au karakana za jua kali, au dawa kama kwinini, aspirini nyingi na sindano za jentamaisini. Nta huondolewa kliniki. Ikiwa usikivu umepungua, kifaa cha kusaidia kusikia mara nyingi hupunguza usumbufu wa mlio pia. Sikio likipoteza usikivu ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mlio wa sikio moja tu, au unaodunda pamoja na mapigo ya moyo, nao unahitaji kuchunguzwa.

Kusahau nako kuna vyanzo vinavyorekebishika: upungufu wa vitamini B12, ambao huwapata baadhi ya wanaotumia metifomini ya kisukari kwa miaka mingi, kasoro ya tezi ya shingo, sonona, pombe, na dawa za mzio zinazoleta usingizi. Kuidhibiti shinikizo la damu pia hulinda ubongo dhidi ya kiharusi.

Kwa hiyo mzazi akianza kusahau njia ya kurudi nyumbani, kurudia swali lilelile au kushindwa kuhesabu chenji, mpeleke kituo cha afya. Beba dawa zake zote, pamoja na virutubishi na miti shamba, na ueleze mabadiliko yalianza lini. Ikiwa tayari anatumia ginko, chupa yake iwe miongoni mwa hizo.