Kutoka Mwani Hadi Sangara: Nishati Inavyopotea Njiani Ziwa Viktoria

Kwa makadirio yanayotumiwa sana na wanaikolojia, kilo moja ya sangara inayopakuliwa mwaloni Mwanza imejengwa kwa karibu kilo kumi za viumbe wadogo aliowala. Dagaa nao wamejengwa vivyo hivyo, kwa wadudu wadogo wa majini walio wazito kuliko wao mara nyingi. Anayetaka kuelewa kwa nini ziwa lina dagaa wengi kuliko sangara aanzie hapo.

Chanzo cha yote ni jua. Mwani mdogo unaoelea majini, usioonekana kwa macho, hunasa mwanga na kuugeuza kuwa chakula. Huo ndio mzalishaji, ngazi ya kwanza. Wadudu wadogo wanaoelea, ambao wataalamu huwaita zuplanktoni, huula mwani na kuwa ngazi ya pili. Dagaa hula zuplanktoni, pamoja na viluwiluwi wa usubi ule unaoonekana kama mawingu meusi juu ya ziwa. Sangara humla dagaa. Tukichora mishale, kila mshale uanzie kwa anayeliwa na uelekee kwa mlaji, kwa sababu unaonyesha nishati inakokwenda. Wanafunzi wengi huugeuza, wakidhani unaonyesha nani anamfukuza nani.

Sasa tuweke hesabu. Tuseme mwani umetengeneza kilokalori 10,000. Kwa kadirio la kawaida, asilimia kumi hivi huvuka kutoka ngazi moja hadi inayofuata. Zuplanktoni watabaki na 1,000, dagaa 100, na sangara 10. Zile nyingine hazikuteketea bure. Sehemu haikuliwa kabisa, ikafa na kuzama. Sehemu ililiwa, ikatoka kama kinyesi. Sehemu kubwa ilitumika kupumua, kuogelea na kuendesha mwili, kisha ikatoka kama joto ambalo hakuna kiumbe anayeweza kulila tena. Kinachopanda ngazi ni ile nyama mpya tu iliyoota mwilini.

Hiyo asilimia kumi ni wastani, wala si sheria. Mahali pengine huwa tano, pengine ishirini. Samaki hawachomi chakula ili kuupasha mwili moto, kwa hiyo hubakiza sehemu nzuri kwa ajili ya kukua. Mdiria anayewinda dagaa ufukweni ni ndege mwenye damu moto, na karibu kila anachokula kinaishia kwenye joto. Kwa sababu hiyo kilo moja ya mdiria ni ghali sana kwa ziwa.

Mwanaikolojia Mmarekani Raymond Lindeman ndiye aliyeufanya upungufu huu kuwa kitu cha kupimwa, alipofuatilia nishati katika ziwa dogo la Cedar Bog, Minnesota. Makala yake ilichapishwa mwaka 1942, miezi michache baada ya yeye kufariki akiwa na umri wa miaka 26. Kabla yake watu walijua nani anamla nani. Yeye aliuliza ni kiasi gani kinavuka.

Swali hilo ndilo linalotufumbulia yaliyotokea Ziwa Viktoria. Hadi miaka ya 1970 ziwa lilijaa furu, samaki wadogo wa mamia ya spishi ambao wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Uchunguzi wa nyavu za kukokota uliofanyika kati ya 1969 na 1971 ulikuta furu wakiwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki waliokuwa karibu na sakafu ya ziwa. Walikuwapo furu wa kula konokono, furu wa kula wadudu, furu wa kula samaki wenzao. Na walikuwapo wengi waliokula mwani moja kwa moja au mabaki yaliyooza kwenye tope. Hao wa mwisho ndio muhimu katika hesabu yetu, kwa maana walikuwa njia ya mkato: mwani 10,000, furu 1,000, na yeyote anayemla furu 100. Ngazi moja imerukwa, na mlaji wa juu anapata mara kumi ya kile anachopata kupitia dagaa.

Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950. Kwa muda mrefu hakuonekana kuwa jambo kubwa, kisha katika miaka ya 1980 akafurika. Alikuta meza ya furu imeandaliwa, akaila. Spishi nyingi zilitoweka kabla hata hazijapewa majina ya kisayansi, na hasara hiyo inaniuma kila ninapoiandika, kwa sababu kila spishi ilikuwa mshale mmoja au zaidi katika utando ule.

Kwa hesabu ya mnyororo mmoja tu, sangara alipaswa kufa njaa furu walipokwisha. Hakufa, maana huu ni utando. Mabaki yaliyokuwa yakiliwa na furu yalibaki chini, na uduvi wadogo wa ziwani wakaongezeka wakiyala. Sangara wachanga wakageukia uduvi, wakubwa wakala dagaa na watoto wao wenyewe. Hapo nishati ilipata mkato mpya: mabaki, uduvi, sangara. Lakini sangara mkubwa anapomla sangara mdogo aliyelishwa uduvi, ngazi imeongezwa, na zile 100 zinashuka kuwa 10. Furu kadhaa walipoanza kurudi katika miaka ya 1990, sangara akawarudia. Mdiria naye alikuwa amehamia kwa dagaa, na kwa kuwa dagaa ni mdogo kuliko furu, ilimbidi avue wengi zaidi kwa siku ili ashibe.

Hivyo basi sangara yuko ngazi ya ngapi? Jibu la namba nzima halipo. Tuseme nusu ya chakula chake ni uduvi walio ngazi ya pili, na nusu ni dagaa walio ngazi ya tatu. Wastani wa chakula chake ni 2.5, ongeza moja, yeye yuko 3.5. Akiwa mchanga, anakula zuplanktoni na yuko chini zaidi.

Njia ya zamani ya kujua anakula nini ni kupasua tumbo. Inaonyesha mlo wa mwisho tu, na vitu laini huyeyuka mapema kuliko mifupa, kwa hiyo samaki walioliwa huhesabiwa kupita kiasi. Njia nyingine ni kupima naitrojeni katika nyama. Ipo naitrojeni nyepesi na nzito. Mwili hutoa nyepesi zaidi na kubakiza nzito, hivyo nzito huongezeka kwa karibu sehemu 3.4 kwa elfu kila ngazi inapopandwa. Kipande kidogo cha nyama kinakusanya habari za miezi mingi.

Lakini kipimo hicho kina mtego. Maji taka ya mjini huleta naitrojeni nzito, na mwani wa ghuba iliyo karibu na mji unaweza kuwa nayo kwa wingi kabla hajaliwa na yeyote. Dagaa wa ghuba hiyo wataonekana wako ngazi ya juu kuliko dagaa wa katikati ya ziwa, ilhali wanakula kilekile. Ndiyo maana watafiti hupima kwanza konokono au kome wa mahali hapohapo, ambao ngazi yao inajulikana, kisha huhesabu samaki kuanzia kwao.