Disleksia na Sura ya Herufi (Sehemu ya Pili)

Disleksia, yaani ugumu mahususi wa kusoma unaoweza kumpata hata mtu mwenye akili na macho timamu, hutokana hasa na udhaifu wa kuzichambua sauti za lugha na kuzifungamanisha na herufi zake, kama ilivyoelezwa katika sehemu ya kwanza ya makala haya. Kwa hiyo hakuna fonti, yaani sura ya herufi za chapa, inayoweza kuiponya. Linalowezekana ni kumpunguzia msomaji mzigo wa pili, ule wa kuzitambua herufi zenyewe, kabla hajaanza kuzitafuta sauti zake.

Kiswahili kina mitego yake katika jambo hili. Jozi ya p na q, inayowasumbua wasomaji wa lugha nyingine, haimhusu mtoto wa Bariadi, kwa kuwa maneno ya Kiswahili hayaandikwi kwa q. Lakini baba na dada, maneno ya mwanzo kabisa darasani, hutofautiana kwa upande wa shina la herufi tu. Katika fonti kama Futura, ambayo herufi zake zimejengwa kwa duara na mstari mnyoofu, d ni b iliyogeuzwa kama kwenye kioo, na herufi a, iliyobaki duara lenye kijiti pembeni, huikaribia sana o. Arial nayo huchora I kubwa na l ndogo kwa kijiti kilekile, hata neno Ilikuwa likaanza kwa vijiti viwili visivyotofautishika. Verdana, iliyochorwa na Matthew Carter na kutolewa mwaka 1996, huiwekea I kubwa vikingamo juu na chini, na herufi zake ni pana zenye nafasi ya kutosha. Wepesi wa umbo, basi, si lazima uwe wepesi wa kusoma.

Hoja hiyo ya kutofautisha maumbo ndiyo iliyozaa fonti maalumu, kama vile Dyslexie ya Mholanzi Christian Boer ya mwaka 2008, ambayo herufi zake zimeongezewa unene chini ili zisionekane kupinduka. Wazo linavutia, ila ushahidi haukulibeba: utafiti wa Eva Marinus na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba fonti hiyo iliizidi Arial kidogo, na kwamba Arial ilipopewa nafasi sawa na hiyo kati ya herufi na kati ya maneno, tofauti ilitoweka. Kilichosaidia kilikuwa nafasi.

Sababu yake ni msongamano, yaani hali ya herufi jirani kuzuiana zisitambulike, ambayo huwaathiri zaidi wasomaji wengi wenye disleksia. Mwaka 2012 Marco Zorzi wa Padova na wenzake waliwapima watoto 74 wa Italia na Ufaransa wenye disleksia kwa maandishi ya Times ya pointi 14, na walipoongeza pointi 2.5 kati ya herufi, kasi ya kusoma ilipanda kwa zaidi ya asilimia 20 na makosa yakapungua kwa takriban nusu. Matokeo ya Italia yanafaa kuzingatiwa huku, kwa kuwa Kiitaliano, kama Kiswahili, huandikwa karibu kama kinavyotamkwa.

Na lichukuliwe jaribio la Darasa la Tatu linalochapwa katika steshenari mjini Bariadi kwa Times ya pointi 11, pambizo zote mbili zikiwa zimenyooshwa, kisha likatolewa nakala. Mistari myembamba ya Times hufifia kwenye fotokopi, huku kunyoosha pambizo kukitawanya maneno kwa mapengo yasiyolingana. Mchapaji huyohuyo, kwa Word ileile, anaweza kuchagua Verdana ya pointi 14, kuacha pambizo ya kulia bila kunyooshwa, kuepuka herufi za mlazo, kisha kubonyeza `Ctrl+D` na, kwenye `Advanced`, kuweka `Spacing` kuwa `Expanded` kwa `2.5 pt`. Nafasi kati ya maneno na kati ya mistari lazima ikue pia, la sivyo neno moja litaungana na jirani yake.

Gharama ipo: mstari wa herufi 60 hurefuka kwa pointi 150, zaidi ya sentimita 5, na karatasi huongezeka. Mwalimu asiyetaka kuitumia bure na amsomeshe mtoto vifungu viwili vya ugumu sawa, kimoja cha kawaida na kimoja chenye nafasi, akihesabu dakika na makosa. Pale ambapo tofauti haionekani, hasa kwa mtoto wa Itilima au Meatu aliyelelewa kwa Kisukuma, kwanza achunguze kama mtoto anaelewa maneno hayo yanaposemwa, kwa kuwa nafasi kati ya herufi haimsaidii mtu kusoma neno asilolijua.