Chati ya duara: Nyuzi 31 za Dar es Salaam ni watu wangapi?

Chati ya duara isiyo na namba inakuonyesha kipande kikubwa na kidogo, basi. Lakini ukiwa na kipimapembe na jumla ya watu, unaweza kujua kila kipande kina watu wangapi.

Chukua Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, ambapo Tanzania ilihesabiwa kuwa na watu 61,741,120. Duara zima likiwa ni watu hao wote, na kila mkoa una kipande chake, pembe ya Dar es Salaam pale katikati ya duara ni nyuzi 31 na kidogo. Kwa kipimapembe cha shuleni utasoma 31.

Nyuzi kwenda asilimia

Duara zima lina nyuzi 360, na hizo ndizo asilimia 100. Kwa hiyo gawanya pembe kwa 360, kisha zidisha kwa 100:

31 ÷ 360 × 100 = 8.61

Dar es Salaam ina kama asilimia 8.6 ya watu wote.

Asilimia kwenda watu

Sasa zidisha jumla ya watu kwa sehemu ileile:

61,741,120 × 31 ÷ 360 = 5,316,596

Sensa yenyewe ilipata watu 5,383,728. Umepungukiwa na watu kama 67,000. Hesabu iko sawa, tatizo ni kile "kidogo" kilichoachwa kwenye kipimo. Katika chati hii nyuzi moja tu ni watu kama 171,500, kwa hiyo jibu la haki ni "kama milioni 5.3", siyo namba hadi mtu wa mwisho.

Wengi wanachemka hapa

Wanakadiria asilimia mapema. Ukigeuza 8.61 kuwa 9 kabla ya kuzidisha, unapata watu 5,556,701, yaani karibu 173,000 zaidi ya waliohesabiwa. Acha desimali hadi mwisho, ndipo ukadirie.

Wengine wanachukua nyuzi kama asilimia. Nyuzi 31 siyo asilimia 31. Asilimia moja ni nyuzi 3.6.

Jihakiki

Pima vipande vyote ujumlishe. Visipofika 360, au kuikaribia sana, kuna pembe umeipima vibaya. Kama chati imechorwa imelala kama sahani mezani, usihangaike na kipimapembe, maana vipande vya mbele huonekana vipana kuliko vilivyo.

Na kama chati haisemi jumla ya watu, ishia kwenye asilimia. Nyuzi 31 za watu 720 waliohojiwa ni watu 62 tu.