Kitunda cha ziada kisicholeta ushindi

Wachezaji wengi wa sataranji hapa Moshi walianzia kwenye drafti, wakicheza kwa vizibo vya soda barazani. Drafti inamfundisha mtu kwamba aliyebaki na kete nyingi ndiye anayeelekea kushinda, na kwa sehemu kubwa sataranji nayo inakubali hivyo. Kuna mwisho mmoja tu wa mchezo ambao huwatesa sana wanaotoka kwenye drafti: kila upande umebaki na askofu mmoja, wa nyeupe anatembea kwenye miraba ya giza na wa nyeusi kwenye miraba ya mwanga. Hapo vitunda viwili vya ziada vinaweza kuwa havina kazi yoyote.

Sababu iko kwenye ubao wenyewe. Katika drafti kete zote hukaa kwenye miraba ya rangi moja, kwa hiyo kila kete inaweza kukutana na kila kete. Maaskofu wa rangi tofauti hawakutani kamwe. Askofu wako hawezi kula askofu wa mwenzako, hawezi kumzuia njia, hawezi kumfukuza alipokaa. Nusu ya ubao, yaani miraba 32, ni mali ya mwenzako peke yake kwa upande wa maaskofu. Akiweka mfalme wake kwenye mraba wa rangi hiyo, mbele ya kitunda chako, huna chombo cha kumtoa isipokuwa mfalme wako, naye mfalme hawezi kumsogelea mfalme mwenzake.

Kwa hiyo kitunda kimoja cha ziada, kama mfalme wa anayejitetea amewahi kusimama mbele yake kwenye rangi ambayo askofu wako haifikii, ni sare. Hata mfalme akichelewa, mara nyingi askofu wake anatosha: anaulenga kwa mshazari mraba ambao kitunda lazima kipite, na kikipita anajitoa mhanga kwa kukila. Ukibaki na mfalme na askofu peke yake huwezi kumfunga mtu.

Ugumu wa kweli unaanza na vitunda viwili vilivyoshikana. Vikifika vyote safu ya sita kwa usalama, kwa kawaida vinashinda. Vikiwa bado safu ya tano, jibu linategemea jambo dogo mno, yaani askofu wa anayejitetea amesimama wapi. Panga ubao tuone. Nyeupe ana mfalme d4, askofu d2 na vitunda d5 na e5. Nyeusi ana mfalme e7 na askofu f7. Zamu ni ya nyeupe.

Kwanza tuulize ni kitunda kipi nyeupe angetaka kukisogeza. Akisukuma cha d kwenda d6, vitunda vyake vyote viwili vinakuwa kwenye miraba ya giza, rangi ya askofu wake mwenyewe. Njia ya mbele, d7 na e6, ni miraba ya mwanga. Mfalme mweusi anakaa d7, askofu wake anailinda e6, na hakuna kitakachowaondoa hapo. Anachotaka nyeupe ni e6, ili baadaye d6 ifuate. Hapo nyeusi angelazimika kuzuia kwenye miraba ya giza, ambako askofu wake hana uwezo wowote.

Sasa tazama kazi ya askofu wa f7. Anailinda e6, na wakati huohuo anakikodolea macho kitunda cha d5. Askofu wa nyeupe hawezi kukilinda kitunda hicho, kwa sababu d5 ni mraba wa mwanga. Kwa hiyo mfalme mweupe amefungwa ulinzi. Akienda kushika e6 kutokea f5, anapoteza d5. Mraba pekee ulio tupu ambao angeweza kukilinda kitunda cha d5 na kuisaidia e6 kwa pamoja ni d6, na mfalme mweusi yuko jirani nao.

Nyeupe atajaribu kumsumbua mfalme huyo. Askofu akimtishia kutokea g5 au b4, mfalme anahamia d7. Mfalme mweupe akipita c5, jibu ni lilelile, d7, na hapa ndipo wengi wanapoteleza: wakisogeza askofu bila haraka, mfalme mweupe anaingia c6, anaifunga d7, kisha askofu wake anamfukuza mfalme mweusi na d6 inakuwa yake. Lakini mfalme mweusi akishakaa d7, yuko kwenye mraba wa mwanga na askofu wa nyeupe hawezi kumtishia tena mchezo mzima. Kinachobaki ni kusogeza askofu f7, g8, f7, g8. Nyeupe akisukuma e6, askofu anakula, kitunda cha d kinamla askofu, mfalme anakila kitunda. Sare.

Chukua ubao huohuo na uhamishe kitu kimoja: askofu mweusi awe d7 badala ya f7. Kwa macho hakuna kilichoharibika, maana bado anailinda e6, na hata kuufunga mraba wa f5 kwa mfalme mweupe. Ila hashambulii kitunda cha d5, kwa hiyo mfalme mweupe yuko huru. Tena askofu huyo amekalia nyumba ya mfalme wake mwenyewe. Nyeupe anatishia kutokea g5, na mfalme hawezi kwenda d7 kwa sababu askofu wake yupo hapo. Hawezi kwenda d8, ambayo iko kwenye mshazari wa askofu mweupe, wala d6 au f6, ambazo kitunda cha e5 kinazilinda. Anasukumwa f7, f8 au e8. Mfalme mweupe anapita c5 na kuingia d6, askofu wake anaendelea kuifunga e7 (akifukuzwa g5 anarudi h4 na bado anailinda), kisha e6 inasukumwa ikiwa na mfalme nyuma yake. Nyeusi akimtoa askofu kwa kitunda kimoja, kingine kinabaki na ulinzi kamili. Ni ushindi, na tofauti yote ni askofu aliyesimama mraba usiofaa.

Ndiyo maana siridhiki mchezaji anaponiambia, "Nilikuwa na vitunda viwili zaidi." Nataka kujua askofu wa mwenzake alikuwa akishambulia nini.

Vitunda vilivyo mbali vina hesabu nyingine. Kadiri vinavyoachana ndivyo askofu mmoja anavyoshindwa kuvizuia vyote kwenye mshazari mmoja, na mfalme wako anakwenda kusaidia kile kinachozuiwa na askofu. Hapo suala kuu ni njia ya mfalme. Linares, mwaka 1998, Alexei Shirov akicheza na Veselin Topalov alikuwa na vitunda viwili zaidi, naye katika hatua ya 47 aliweka askofu wake h3, mahali ambapo kitunda kingemla bure. Alifanya hivyo ili mfalme wake awahi e4 kabla ya mfalme wa Topalov kumzuia. Askofu akaliwa, mfalme akaingia, na Shirov akashinda.

Haya yote ni hesabu ya kufanya kabla hujafika huko. Kama una kitunda cha ziada, maaskofu ni wa rangi tofauti na ngome bado zipo ubaoni, usikimbilie kubadilishana ngome. Ngome inafika kwenye miraba ya rangi zote mbili, na ndiyo inayoweza kumsumbua mfalme aliyejificha kwenye rangi isiyo ya askofu wako. Ukiwa wewe ndiye uliyepungukiwa na kitunda, mpe mwenzako nafasi ya kuzibadilisha mapema iwezekanavyo.