Je, Wajua? Riba ya Kuchelewa kwa Mteja wa Mali Kauli

Je, wajua kwamba kuchapa "atakayechelewa atatozwa riba" chini ya ankara hakutoshi kumfunga mteja wa siku nyingi? Mlipatana kabla mzigo haujatoka. Ankara imekuja nyuma. Mpe barua ya masharti mapya miezi miwili kabla, aisaini, nakala moja abaki nayo.

Je, wajua kwamba deni la nyuma haliguswi? Ukisema riba inaanza Julai 1, ni kwa ankara zitakazotoka kuanzia siku hiyo. Za Mei na Juni zimalizwe kwa mapatano ya zamani, hata zikikuuma.

Je, wajua kwamba daftari lako laweza kukuumbua? Pitia tarehe za malipo za mwaka mzima kabla hujaandika barua. Mkandarasi uliyempa siku 30 na ambaye kila mara hulipa siku ya 45, nawe hukuwahi kusema neno, muda wenu wa kweli ni 45. Mwandikie 45, riba ianze ya 46. Wenye maduka ya jumla hung'ang'ania ile 30 ya kwenye karatasi, wakampoteza mlipaji wa uhakika kwa ajili ya wiki mbili walizomzoesha wenyewe.

Je, wajua kwamba shilingi inaeleweka upesi kuliko asilimia? Chukua ankara ya saruji na nondo ya shilingi 2,400,000, riba asilimia 1.5 kwa mwezi. Mwezi mmoja ni 36,000. Gawa kwa siku 30, ni 1,200 kwa siku. Amechelewa siku 20? Ni 24,000. Mara ya kwanza iandike kwenye stetimenti, na mstari wa chini yake: "Imesamehewa 24,000." Ukisamehe kimyakimya, ataona sharti ni pambo la karatasi. Na kama analalamika kwamba mifuko 10 ilipungua, siku zisihesabiwe mpaka mmalize hilo.

Je, wajua kwamba Uingereza, sheria ya mwaka 1998 humpa muuzaji anayemdai mfanyabiashara mwenzake asilimia 8 juu ya kiwango cha Benki Kuu yao, hata kama mkataba haukutaja riba? Tanzania, kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinatoa fidia ya kadiri isiyozidi kiasi mlichokitaja. Asilimia 10 kwa mwezi unaweza kuiandika, mahakamani usiipate.

Je, wajua kwamba yupo mteja atakayelikataa neno lenyewe? Kwa Mwislamu riba ni haramu, na kuibatiza jina la "tozo" hakumdanganyi. Viwango vya AAOIFI, vinavyofuatwa na benki nyingi za Kiislamu, vinakubali mdaiwa aahidi kutoa sadaka akichelewesha huku anao uwezo, na fedha hiyo isiingie mfukoni kwa muuzaji. La sivyo, kubalianeni tu kwamba mzigo mpya hautoki mpaka wa zamani ulipwe.