Pampu Inayowaka Kila Baada ya Dakika Mbili

Mota iliungua Machi, ikasukwa upya, Agosti ikaungua tena. Mwenye jengo alishajiridhisha kwamba fundi msukaji alimwekea waya mbovu. Jengo lenyewe ni la ghorofa nne, limejengwa bondeni, na maji taka yake hayawezi kwenda yenyewe hadi bomba kuu la barabarani. Huteremkia kwenye chemba ya duara yenye upana wa mita 1.2, kisha pampu iliyozamishwa humo huyasukuma juu.

Saa moja asubuhi, wakati watu wanaoga, nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya chemba, macho kwenye saa. Katika dakika 20 pampu iliwaka mara 9. Kwa mwendo huo ni kama mara 27 kwa saa, na kitabu cha pampu ile kiliruhusu 10 tu.

Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara 5 hadi 7 ya ule inaoutumia ikishachanganya. Joto la sekunde hizo chache hubaki kwenye koili na linahitaji muda wa kutoka. Ikiwashwa tena kabla haijapoa, joto jipya hulikuta la zamani, na vanishi ya waya huanza kukauka na kupasuka. Msukaji wa watu hakuwa na kosa.

Kosa lilikuwa kwenye maboya. Chemba ina boya la chini la kuzima na boya la juu la kuwasha, na maji yaliyo kati ya hayo mawili ndiyo pampu inayoyafanyia kazi. Aliyeyafunga aliyaachanisha sentimita 15. Kwa upana ule, hizo ni lita 170 hivi. Shimo lina kina cha mita 3, lakini kwa hesabu yetu kina hicho hakina msaada wowote.

Basi zinatakiwa lita ngapi? Pampu ile inatoa lita 300 kwa dakika. Wengi hudhani saa mbaya kuliko zote ni pale maji yanapoingia kwa wingi, kumbe sivyo. Yakiingia lita 240 kwa dakika, pampu hukaa ikifanya kazi muda mrefu bila kuzima. Yakiingia 60, hukaa muda mrefu imezima. Balaa liko katikati, yanapoingia nusu ya uwezo wa pampu, yaani lita 150. Hapo chemba hujaa haraka na kuisha haraka.

Tukitaka isizidi mara 10 kwa saa, kila mzunguko uchukue dakika 6: dakika 3 za kujaa na 3 za kuisha. Dakika 3 kwa lita 150 ni lita 450. Wahandisi huiandika hivi:

V = T × Q / 4

V ni ujazo kati ya maboya, T ni muda wa mzunguko, Q ni uwezo wa pampu. Dakika 6 mara lita 300, gawa kwa 4, unarudi kwenye 450 zile zile. Katika chemba yetu, hizo ni sentimita 40 kati ya boya na boya. Tulipandisha boya la juu kwa sentimita 25, tukihakikisha limebaki chini ya mdomo wa bomba linaloingiza maji, ili yasirudi nyuma kuelekea vyooni. La chini hatukuligusa, maana pampu inapoozwa na maji yanayoifunika.

Zikifungwa pampu mbili za kupokezana, kila moja huwaka mara 5 badala ya 10. Kuna wanaoona hapo nafasi ya kupunguza ujazo nusu. Mimi sikubali: siku moja ikienda kwa fundi, inayobaki itabeba mara 20.

Wala usikimbilie kuchimba tangi. Maji yakiingia lita 30 kwa dakika, lita 450 hujaa kwa robo saa. Ujazo ukiwa lita 3,000, yatalala humo zaidi ya saa moja na nusu, na usiku zaidi ya hapo. Maji taka yaliyolala huchacha na kutoa gesi inayonuka mayai viza, ambayo hula zege na inaweza kumuua anayeshuka humo.

Tulihesabu tena asubuhi iliyofuata: mara 3 katika dakika 20. Lakini usiku mlinzi akasema bado anaisikia ikiwaka wakati jengo zima limelala. Nilitega sikio baada ya kuzima, nikasikia maji yanachuruzika ndani. Valvu ya kuzuia maji yasirudi ilikuwa imebanwa na kitambaa. Bomba la kupandishia lina kipenyo cha milimita 80 na urefu wa mita 60, kwa hiyo hubeba lita 300. Nyingi kati ya hizo zilikuwa zinarudi chemba, na pampu inazipandisha upya, usiku kucha.