Mwalimu Mmoja, Ubao Mmoja, Madarasa Mawili

“Mwalimu, nimemaliza!” Sauti hiyo ikisikika dakika tano tu baada ya kuwapa Darasa la Nne zoezi, nawe ndiyo kwanza unaanza kuwaeleza Darasa la Tatu robo ni nini, basi somo limekwisha kuharibika. Ukigeuka kumjibu aliyemaliza, la Tatu wanapoteza uzi. Ukimnyamazisha, dakika kumi na tatu zinazofuata atazitumia kumchokoza jirani yake. Kosa halikutokea darasani. Lilitokea jana usiku, mezani, wakati wa kuandika andalio la somo.

Nilifundisha hivyo kwa muda katika shule shikizi, zile shule ndogo zinazofunguliwa kwenye vitongoji vilivyo mbali na shule mama ili watoto wadogo wasitembee mwendo mrefu. Chumba kilikuwa kimoja, watoto 25, yaani 14 wa Darasa la Tatu na 11 wa la Nne. Mwanzoni niliandika maandalio mawili kamili, kila moja likiwa na utangulizi wake, maarifa mapya yake na hitimisho lake. Kwenye karatasi yalipendeza. Darasani yalinitaka niwe mbele ya la Tatu na mbele ya la Nne katika dakika ileile, na kila siku darasa moja liliambiwa “endeleeni kunakili” mpaka kengele. Darasa hilo mara nyingi lilikuwa la Tatu, kwa sababu la Nne ndio wanaokabiliwa na upimaji wa kitaifa, na mwalimu hujikuta anawaegemea bila kukusudia. Naliona hilo kuwa dhuluma kwa la Tatu, kwani mwaka unaofuata ndio watakaoketi kwenye upimaji huohuo.

Kilichobadilisha kazi yangu ni kuandika andalio kuanzia upande wa pili. Nilianza kujiuliza, kabla ya jambo lingine lolote, watoto ambao siko nao watakuwa wanafanya nini, na kazi hiyo itanisaidia vipi nitakapowafikia.

Chukua karatasi moja, ichore safu tatu. Ya kwanza ni ya muda, ya pili ya Darasa la Tatu, ya tatu ya Darasa la Nne. Kila mstari ujaze kazi ya madarasa yote mawili, kisha chora duara kwenye kisanduku cha darasa utakalokuwa nalo wakati huo. Mstari wenye maduara mawili haufai, isipokuwa pale watoto wote wanapofanya jambo moja pamoja. Mstari usio na duara maana yake unazunguka. Ukiombwa fomu rasmi na mkuu wa shule au mthibiti ubora, utainakili kutoka karatasi hii bila taabu, ila karatasi hii ndiyo inayoingia nawe darasani.

Tuone kipindi kimoja cha Hisabati, mada ikiwa sehemu, vipindi viwili vya dakika 40 vikiwa vimeunganishwa kuwa dakika 80. Darasa la Tatu wanatakiwa kutambua na kuandika 1/2, 1/4 na 3/4. Darasa la Nne wanatakiwa kujumlisha sehemu zenye asili sawa, jumla isizidi kimoja. Mada ni moja, malengo ni mawili, na zana ni moja, nayo ni kanda za karatasi. Nilizikata kwenye mifuko ya saruji iliyokwisha kazi, kila ukanda sentimita 32 kwa urefu na 4 kwa upana. Urefu huo haukuchaguliwa ovyo. Ukikunja ukanda mara moja unapata sentimita 16, mara mbili 8, mara tatu 4, kwa hiyo nusu, robo na thumni zote zinatoka kwa mikunjo, bila rula. Theluthi niliiacha makusudi, maana mtoto wa la Tatu hawezi kukunja ukanda mara tatu zilizo sawa akiwa peke yake, na kazi isiyowezekana peke yake itamleta mezani kwangu. Lazima kanda zote ziwe na urefu mmoja. Ikiwa mmoja ni mrefu na mwingine mfupi, robo ya mrefu inaweza kukaribia nusu ya mfupi, na mtoto atajifunza uongo kwa macho yake mwenyewe.

Dakika 10 za kwanza tuko pamoja. Nachora chapati ubaoni, mama ana watoto wanne. Nawauliza la Tatu kila mtoto atapata kiasi gani. Nawauliza la Nne, watoto wawili wakishakula chao, chapati iliyobaki ni kiasi gani. Chapati ni ileile, maswali ni mawili, na kila darasa linalisikia swali la mwenzake.

Dakika ya 10 hadi ya 28 duara liko kwa la Tatu, kwa sababu wao ndio wanaokutana na jambo jipya kabisa. Basi la Nne wanafanya nini katika dakika hizo 18? Hapa ndipo andalio linapopimwa. Kazi yao ilikuwa imeandikwa upande wa kulia wa ubao kabla ya kipindi, nikaifunika kwa kipande cha khanga, na sasa naifunua tu. Inasema: kunja ukanda upate vipande 8, paka rangi vipande 3, andika sehemu iliyopakwa na sehemu isiyopakwa. Rudia kwa vipande 5, kisha kwa 1. Baada ya hapo tafuta kwenye kanda zako sehemu nyingine iliyo sawa na 4/8, uichore. Mwisho kuna swali la wanaowahi: tunga maswali matatu ya aina hii umpe jirani yako.

Kazi hiyo ina sifa ambazo nilichelewa kuzijua. Inaanzia kwenye jambo wanalolijua tayari, kwa hiyo hakuna haja ya maelezo kutoka kwangu. Mtoto anaweza kujikagua mwenyewe, kwa kuwa vipande vilivyopakwa na visivyopakwa lazima vifike 8. Haina mwisho wa haraka, maana maswali ya kutunga hayaishi. Na zaidi ya yote, inalima shamba nitakalopanda. Mtoto aliyeandika 3/8 na 5/8 upande kwa upande ameshika nusu ya somo la kujumlisha kabla sijasema neno. Zoezi la kuwatuliza tu, kama kunakili jedwali la kuzidisha, lingewanyamazisha vilevile, lakini nikifika kwao ningeanza sifuri.

Kuna kanuni moja niliyowafundisha wiki nzima kabla ya kuitegemea. Ukikwama, muulize jirani, kisha kiongozi wa kundi, ambaye ana karatasi ya majibu, na mwisho ndipo mwalimu. Foleni ya watoto mezani pako haimaanishi kwamba watoto hawa ni wakaidi. Kazi uliyowapa ilikuwa ngumu mno kwao, au maelezo yake ubaoni hayakueleweka.

Nikiwa na la Tatu, tunakunja pamoja. Nusu, halafu robo. Naandika 1/4 na kuwaonyesha kwamba asili, yaani 4, ni idadi ya vipande vyote vilivyo sawa, na kiasi ni vile tulivyochukua. Kosa la kutarajiwa ni mtoto kudhani 1/4 ni kubwa kuliko 1/2, kwa kuwa 4 ni kubwa kuliko 2. Nawaambia walaze robo juu ya nusu, wapime. Sitoki hapo mpaka angalau watoto watatu niliowachagua, mmoja mwepesi, mmoja wa kati na mmoja anayechelewa, wamenionyesha robo tatu bila msaada. Yule anayechelewa ndiye saa yangu.

Dakika mbili zinazofuata ni za kugeuka, nami huziandika kwenye andalio waziwazi, kwa sababu usipozitenga zitakuiba tano. La Tatu wanabaki na kazi ya kukunja na kupaka 1/4, 2/4 na 3/4 kwenye kanda tofauti, kuandika kila moja, na kueleza kwa nini 2/4 na 1/2 zinalingana. Wanaowahi wanachora shamba la mraba na kulipaka nusu kwa njia mbili tofauti.

Dakika ya 30 hadi ya 48 ni za la Nne. Naanza na walichoandika. Tatu ya nane zimepakwa, tano ya nane hazijapakwa, zote ni ngapi? Wanasema nane ya nane, ukanda mzima. Ndipo naweka 1/4 + 2/4, nikijua wapo watakaoandika 3/8, kwa kujumlisha kiasi na kiasi, asili na asili. Sikatai kwa mdomo. Nawaambia wachukue 2/4 ya ukanda, ambayo ni sentimita 16, na 3/8, ambayo ni sentimita 12, wazilaze pamoja. Jumla imekuwa fupi kuliko kimojawapo cha vilivyojumlishwa! Mtoto anayeona hivyo huanza kutafuta kosa mwenyewe. Kisha wanaunganisha robo moja na robo mbili na kupata robo tatu, sentimita 24.

Dakika ya 48 hadi ya 66 nazunguka. Hapo ndipo nasahihisha, nikiwa nimesimama, nikianza na la Tatu kwa kuwa ndio waliokaa muda mrefu bila mimi.

Dakika 14 za mwisho tunakutana tena. Makundi matano ya watoto watano: manne yana wawili wa la Nne na watatu wa la Tatu, moja lina watatu wa la Nne na wawili wa la Tatu. La Tatu wanakunja na kuonyesha sehemu mbili, la Nne wanaandika jumla. Hatari iko hapa, kwani dada na kaka wa la Nne hupenda kufanya kila kitu, na wadogo wakabaki watazamaji. Kwa hiyo ukanda hauguswi ila na mtoto wa la Tatu. Dakika tano za mwisho kila mmoja anafanya swali moja peke yake kwenye karatasi. La Tatu wanapaka robo tatu ya mstatili. La Nne wanajumlisha 2/8 na 3/8.

Si kila somo linakubali mpango huu. Kusoma kwa sauti kwa madarasa yote mawili kwa pamoja kunageuka kuwa kelele, hivyo siku hiyo ni afadhali kumpa mmoja kusoma na mwingine Hisabati ya kimya. Katika Sayansi, mada zisizotegemeana zinaweza kufundishwa kwa wote pamoja mwaka huu, na nyingine mwaka ujao. Hisabati haikubali hilo, kwa sababu kila ngazi yake imesimama juu ya ile ya chini.

Jioni nilihesabu zile karatasi. La Tatu 12 kati ya 14 walipaka sawasawa. La Nne, wanne kati ya 11 waliandika 5/16. Nikachora safu tatu za kesho, na duara la kwanza nikaliweka kwa la Nne.